Shajara ya gemu ya Kusi: pointi, majina na mgao

Januari

Kusi sasa inachezeka mwanzo hadi mwisho wa safari ya kwanza. Mchezaji ni nahodha wa jahazi: anapakia boriti za mikoko Lamu, anausoma upepo, anaamua kama atangoja au atatweka, na anafika Mombasa na faida au na hasara. Tunaijenga kwa Godot, injini isiyo na malipo, na hakuna hata mmoja wetu anayepewa mshahara. Tuko mchoraji wa mandhari, mchoraji wa vyombo, fundi wa programu, mpiga udi anayetutungia muziki, mjaribu anayecheza kila toleo na kuandika hitilafu, na mimi niliyeshika hadithi na uratibu.

Mkutanoni juzi mchoraji wa mandhari aliuliza jambo ambalo kila mtu alikuwa akilizunguka: "Jamani, hii ikiuzwa, pesa ni za nani?" Mpiga udi akajibu upesi kwamba tutagawana sawa kwa sawa, na wengi wakaitikia kwa kichwa. Fundi wa programu hakuitikia. Tukakubaliana tusianze sehemu ya pili ya gemu mpaka hili liandikwe.

Mimi naona sawa kwa sawa inafaa pale ambapo watu wameanza pamoja, wanafanya kazi kwa kasi moja na watamaliza pamoja. Kwa watu wa kujitolea si hivyo. Mmoja atapata kazi ya zamu bandarini, mwingine ataoa, mwingine ataingia wiki mbili kabla ya gemu kutoka. Ukishaandika sehemu moja kwa sita, anayebaki akifanya kazi usiku anamfanyia pia aliyelala, na anayejiunga mwishoni anawapunguzia wote. Hapo ndipo vikundi huvunjika, tena kimya kimya: mtu haji kusema kwamba amekasirika, anaacha tu kujibu ujumbe.

Februari

Tulijaribu kutafuta kipimo. Wazo la kwanza lilikuwa saa. Kila mtu aandike saa alizofanya, mwisho wa yote tugawe kwa uwiano. Shida yake ni mbili. Hakuna awezaye kuzikagua saa za mtu aliye chumbani kwake Kisauni, na aliye mwepesi anaadhibiwa: anayechora mashua kwa saa 4 anapata nusu ya anayechora mashua ileile kwa saa 8.

Fundi akasema Git, programu inayohifadhi kila badiliko la kazi yetu, inajua kila kitu. Akatuonyesha:

```
git shortlog -sn --no-merges
```

Amri hiyo huhesabu maingizo ya kila mtu na kuyapanga kutoka mengi hadi machache. Yeye alikuwa juu kabisa, wachoraji wako chini, na mpiga udi hakuonekana hata kidogo kwa sababu faili zake za sauti huwa namkabidhi fundi aziingize kwa jina lake. Mchoraji wa vyombo hufanya kazi wiki nzima na kuingiza mara moja; fundi huingiza kila anaporekebisha mstari. Idadi ya maingizo inaonyesha tabia ya mtu ya kuhifadhi kazi, haionyeshi kazi yenyewe. Tumeibakisha amri hiyo kwa jambo moja tu: kukumbuka nani aligusa nini, wakati wa kuandika orodha ya majina.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni mjaribu. Babake ni mvuvi Mtongwe, na alitueleza wanavyogawana wakirudi pwani. Samaki wakishauzwa, kwanza yanatolewa mafuta na barafu. Halafu chombo kina sehemu yake na nyavu zina sehemu yake, kwa sababu chombo hupasuka na nyavu huraruka na mwenyewe ndiye anayegharamika. Kinachobaki ndicho wanachogawana mabaharia waliokwenda safari ile. Hesabu zenyewe hutofautiana kati ya chombo na chombo, lakini utaratibu ni huo: gharama, kisha mali iliyohatarishwa, kisha watu waliotoka.

Tuliuchukua utaratibu huo karibu kama ulivyo, na ukatusaidia hasa kwenye swali lililokuwa linanihusu mimi. Wazo la Kusi lilikuwa langu. Je, wazo lina sehemu, kama chombo? Nilitaka kusikia watu wanasemaje kabla sijasema mimi, na fundi ndiye aliyejibu: "Yakhe, wazo halizami." Gemu ikifeli, mimi sipotezi kitu kwa kuwa niliiwaza, wazo liko palepale. Basi wazo peke yake lilipata sifuri. Kurasa nilizoandika zinazoeleza upepo unavyofanya kazi ndani ya gemu, bei za bidhaa na masharti ya ushindi, hizo ni kazi na zimepimwa kama kazi.

Kompyuta na tableti za kuchorea tuliamua zisiwe na sehemu ya kudumu, maana kila mtu anazitumia kwa mambo yake mengine pia. Lakini kifaa kikiharibika katika kazi hii, matengenezo yake ni gharama ya gemu.

Machi

Kipimo tulichoshika ni pointi kwa kila kazi, si kwa kila saa. Kazi inaandikwa kwenye jedwali kabla haijaanza. Atakayeifanya anapendekeza pointi, na mtu mmoja wa fani nyingine anakubali au anapinga. Pointi zinaingia siku ambayo kazi imeingia kwenye tawi kuu na mjaribu ameiona ikifanya kazi ndani ya gemu. Kazi iliyoachwa nusu haina pointi, isipokuwa mwingine akiimalizia, na hapo wawili hao wanagawana kwa makubaliano.

Ili pointi zisielee hewani tuna kazi moja ya kupimia: mashua moja yenye tanga linalohuishwa kwa pande nane ni pointi 8. Kila kitu kinalinganishwa nayo. Mfumo wa kuhifadhi mchezo ulionekana ni kama mashua tatu, ukapewa 24. Wimbo mmoja wa dakika mbili, pamoja na kurekodi na kuusafisha, ni mashua mbili. Hitilafu ndogo iliyorekebishwa ni 1. Ripoti ya hitilafu iliyoandikwa vizuri, yenye hatua za kuirudia, nayo ina nusu pointi. Hili lilibishaniwa sana mpaka fundi mwenyewe akakiri kwamba ripoti mbovu humlia usiku mzima.

Uratibu ndio uliokuwa mgumu kupima, maana ukifanywa vizuri hauonekani. Kuitisha mikutano, kuandika yaliyoamuliwa, kutoa toleo la kila mwezi, kujibu barua: hakuna faili la kuonyesha. Tuliupa pointi 8 kwa mwezi, bila kuongezeka, na kwa sharti kwamba toleo la mwezi huo limetoka kweli. Toleo lisipotoka, mwezi huo mratibu hapati kitu. Naliona sharti hilo ni la haki hata kama linanibana mimi.

Mfumo huu una ugonjwa wake, na dalili zimeshaanza kuonekana mwishoni mwa mwezi. Pointi zinavimba. Mwanzoni mti wa mnazi ulikuwa 2. Wiki mbili baadaye mnazi wa aina ileile uliandikwa 3, na hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna anayetaka kugombana kwa pointi moja. Dalili nyingine ni kazi moja kukatwakatwa vipande vinne ili kila kipande kizungushwe kwenda juu. Ukiona jumla ya pointi za mwezi inapanda na gemu yenyewe haionekani kusonga, ndiyo hiyo. Dawa tuliyoiweka ni kwamba kila mwisho wa mwezi tunaweka mezani kazi tatu za mwezi huo karibu na ile mashua ya kupimia, na tunauliza kama bado zinalingana. Mnazi umerudi kwenye 2.

Aprili

Mchoraji wa vyombo ameaga. Amepata kazi Nairobi na hatakuwa na wakati. Ameondoka kwa wema, akaleta faili zote za asili pamoja na rangi alizotumia, si picha zilizokamilika tu. Amefikisha pointi 95.

Hii ndiyo ilikuwa mizani ya kwanza ya kanuni zetu. Kuna aliyependekeza kwamba anayeondoka kabla ya gemu kutoka apoteze kila kitu, ili watu wasiwe na haraka ya kuondoka. Nilipinga. Majahazi yake yako kwenye kila skrini; tukiyatumia na tukamnyima, tumechukua kazi ya mtu bure. Tulichokubaliana ni kwamba pointi zikishaingia haziondoki, ila haziongezeki. Na hapa uzuri wa pointi unaonekana kuliko asilimia. Kama tungempa asilimia 15 mwanzoni, angebaki nazo mpaka kiama hata sisi tukifanya kazi mwaka mwingine. Kwa pointi, 95 zake zinabaki 95, na jumla inavyokua ndivyo sehemu yake inavyopungua yenyewe, bila mtu kumnyang'anya.

Jumla hiyo itafungwa siku gemu itakapotoka. Kazi za baada ya hapo, kama kurekebisha hitilafu na kuongeza lugha, zitalipwa kutoka mfuko wa matengenezo, la sivyo watakaobaki wataendelea kujiongezea pointi na kuwapunguzia wenzao kwa miaka.

Mjaribu akauliza: mtu akifa je? Wakacheka kidogo, kisha hawakucheka. Tumeandika kwamba sehemu yake ni ya warithi wake, na kila mmoja ametaja mtu wa kuwasiliana naye. Asiyepatikana, fedha zake zinawekwa kando kwa jina lake, hazigawanywi.

Mei

Mwezi wa karatasi. Mgao wa pesa hauna maana kama haijulikani mali ni ya nani, na wengi tulidhani "ni ya kikundi". Kikundi chetu hakijasajiliwa, kwa hivyo kisheria hakipo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa hakimiliki aliyetunga kazi. Kazi ikifanywa na mwajiriwa akiwa kazini, au ikiwa imeagizwa, mambo hubadilika, lakini sisi hatukuajiriana wala hatukuagizana. Maana yake leo hii mchoraji anamiliki picha, mpiga udi anamiliki nyimbo, fundi anamiliki programu, na gemu nzima haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya kila mmoja. Na ridhaa ya mdomo haitoshi. Sheria hiyo inataka uhamisho wa hakimiliki, au leseni ya kipekee, uwe kwa maandishi na utiwe saini na anayetoa. Ujumbe wa "sawa, tumieni tu" kwenye simu haukupi haki ya kipekee.

Tungeweza kumtaka kila mtu ahamishe kila kitu kwa jina la mmoja wetu. Sikulipenda. Huyo mmoja akikosana na wenzake ameondoka na gemu. Badala yake kila mtu anabaki na hakimiliki yake na anawapa wenzake wote kwa pamoja leseni ya kipekee kwa matumizi ya gemu: kuitengeneza, kuiuza, kuitangaza na kuifanyia matoleo mapya. Leseni haiwezi kufutwa maadamu mwenye kazi analipwa mgao wake kama ulivyoandikwa. Tusipomlipa, tunapewa notisi ya siku 60 tulipe, la sivyo leseni inakufa. Kifungu hicho kinawalinda wote wawili: anayebaki hawezi kushikwa mateka na aliyeondoka, na aliyeondoka hawezi kusahauliwa.

Mpiga udi ana jambo lake. Anataka kutoa nyimbo za Kusi kama albamu na kuzipiga kwenye harusi. Kwangu mimi hilo ni haki yake, na leseni yetu ni ya gemu tu, kwa hivyo mapato ya albamu ni yake peke yake. Kilichobaki ni kama anaweza kuuza wimbo huohuo kwa gemu nyingine. Sisi tunataka hapana kwa miaka mitatu. Yeye anasema mwaka mmoja.

Juni

Leo tumefanya hesabu nzima kwa mfano, tukiwa tumekaa Makadara na kahawa chungu, ili kila mtu aone pesa zinavyoyeyuka kabla hazijamfikia. Watu husikia "nakala 500 kwa dola 5" na kichwani wanagawa dola 2,500 kwa sita.

Tuseme kweli tumeuza nakala 500 kwa dola 5 kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Hiyo ni 2,500. Wapo wanaorudisha gemu, na kuna kodi ya mauzo ya nchi za wanunuzi. Kwa mfano wetu tumetoa dola 300, zimebaki 2,200. Steam huchukua asilimia 30, yaani 660, zimebaki 1,540. Halafu kuna kodi ya zuio ya Marekani. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo sehemu yetu inayotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa asilimia 30. Tukikadiria kwamba asilimia 40 ya mauzo ni ya huko, tunakatwa kama dola 185, zimebaki 1,355. Benki tumeikadiria dola 35. Zimebaki 1,320, ambazo kwa Sh 129 kwa dola ni Sh 170,280.

Steam pia hutoza dola 100 kuiweka gemu, na huzirudisha mapato yakipita dola 1,000. Fundi ndiye atakayezitoa, kwa hivyo zikirudi zinakwenda kwake moja kwa moja, hazimo kwenye hesabu hii. Mapato yakikwama chini ya hapo, hizo dola 100 ni gharama ya gemu na atarudishiwa kutoka chochote kitakachopatikana.

Sasa tunafuata utaratibu wa Mtongwe. Gharama kwanza: studio ya kurekodi udi Sh 8,000, na fonti na sauti za bahari tulizonunua Sh 12,280. Zimebaki 150,000. Mfuko wa matengenezo asilimia 10, yaani 15,000. Za watu ni Sh 135,000.

Pointi tulizokadiria hadi siku ya kutoka ni 1,080, kwa hiyo kila pointi ni Sh 125. Fundi mwenye 350 anapata 43,750. Mchoraji wa mandhari mwenye 270 anapata 33,750. Mimi, 165, napata 20,625. Mpiga udi, 130, anapata 16,250. Mchoraji aliyehamia Nairobi, kwa zile 95 zake, anapata 11,875. Mjaribu, 70, anapata 8,750. Jumla inarudi 135,000.

Kimya kilipita. Fundi alisema kwa miezi yote hii mshahara wa mwezi mmoja ungekuwa zaidi. Ni kweli, na ni bora aliseme sasa kuliko baada ya kutoka. Mjaribu alikuwa na lake: pointi 70 zinaonekana chache kwa mtu aliyecheza kila toleo. Tulirudi kwenye jedwali na kukuta ripoti zake zimeandikwa, lakini vipindi vya kucheza gemu nzima bila kupata hitilafu havikuwahi kuwa kazi yenye pointi. Kuthibitisha kwamba toleo ni zima ni kazi. Kuanzia sasa kila jaribio kamili la toleo ni pointi 2, hata lisipotoa ripoti. Hesabu ya juu itabadilika kidogo.

Jambo la vitendo: akaunti ya Steam inafunguliwa kwa jina la mtu mmoja, naye ndiye anayejaza fomu ya kodi ya Marekani ya W-8BEN na ndiye benki na KRA wanaomwona akipokea fedha zote. Fundi amekubali kuwa yeye, ila kwa sharti la maandishi kwamba fedha hizo anazishika kwa niaba yetu, na kwamba kila malipo anayotoa yanabaki na kumbukumbu ya M-Pesa. Ripoti ya mauzo ataiweka kwenye folda yetu kila mwezi, wote tuione. Mgao wenyewe ni kila miezi mitatu, maana Steam haitumi chochote mpaka salio lifike dola 100, na kutuma shilingi 300 kwa watu sita ni kuchezea ada.

Julai

Orodha ya majina. Nilidhani itakuwa rahisi baada ya pesa. Imechukua jioni mbili za mabishano, na sishangai. Pesa zenyewe huenda zisije. Jina litabaki, na ndilo mchoraji atakaloonyesha akiomba kazi.

Tumetenganisha majina na pointi kabisa. Mwenye pointi nyingi hapati herufi kubwa. Cheo kinatokana na kazi iliyoandikwa kwenye jedwali, basi: fundi ameomba "mbunifu wa mchezo" na tukapitia jedwali, tukaona mfumo wa mawimbi na uharibifu wa tanga aliuwaza na kuujenga yeye. Kwa hivyo ubunifu wa mchezo una majina mawili, lake na langu. Hakuna "mkurugenzi". Ndani ya kila fani majina yanapangwa kwa alfabeti.

Mchoraji aliyeondoka alikuwa amewekwa chini, kwenye "shukrani". Mchoraji wa mandhari ndiye aliyekataa: "Huyu hakutuletea chai, alichora majahazi." Sasa yuko juu pamoja naye, "Michoro ya vyombo". Shukrani ni za waliotusaidia bila kutengeneza kitu: mzee aliyetufafanulia matanga, na majirani waliocheza demo. Nimeandika pia kwamba hakuna jina linaloondolewa bila ridhaa ya mwenyewe, na yeyote anaweza kuomba jina la usanii au asitajwe kabisa. Sauti nyingine za bahari, tulizopata kwa leseni ya CC BY, nazo lazima zitajwe pamoja na waliozirekodi, maana leseni yenyewe ndiyo inayodai hivyo.

Faili linaitwa `CREDITS.md`, liko kwenye mzizi wa hazina yetu ya Git, na gemu inalisoma moja kwa moja. Mtu akiingiza kazi mpya na jina lake halimo humo, toleo halitoki.

Hali ilivyo leo: saini ziko tano. Ya mchoraji wa Nairobi imekuja kwa barua. Iliyobaki ni ya mpiga udi. Jana amesema atakubali kutouza nyimbo kwa gemu nyingine kwa miaka miwili, ikiwa nyimbo za karamu ya Lamu hazitahesabiwa humo, kwa kuwa alizitunga kabla hajatujua. Nimeangalia faili zake za kwanza na tarehe zinamuunga mkono. Jumamosi tunakutana; mimi nitakubali, na fundi ameniambia atakubali pia. Akishatia saini, nafungua kazi za sehemu ya pili kwenye jedwali, kuanzia bandari ya Malindi.